Uzi: Programu isome nini kwenye dimbwi la ukwasi kabla ya kuruhusiwa kutoa au kubadilisha?

Msimbati_Kodi (Shangani, Mtwara)

Wakuu, salaam. Nimeandika programu ndogo ya Python inayofuatilia dimbwi moja la ukwasi la WETH na USDC, yaani ether na sarafu ya dola zilizowekwa pamoja ili watu wabadilishane humo kwa ada, la muundo wa Uniswap v2, ambamo ninakusudia kuweka sehemu ya akiba yangu. Kwa sasa inasoma na kuandika kumbukumbu tu. Haina ufunguo wa pochi, na haitaupata mpaka niridhike na hesabu zake.

Utaratibu wake ni huu: kila baada ya bloku chache inaita `getReserves()`, inagawanya akiba ya USDC kwa akiba ya WETH ili kupata bei, kisha inailinganisha na bei ya siku ya kuingia. Hasara isiyo ya kudumu, yaani pengo kati ya mali iliyo dimbwini na mali ileile kama ingebaki pochini, ikivuka 1.5%, programu itoe ukwasi wote, ibadilishe WETH yote kuwa USDC na isubiri amri yangu.

Nimeipa mfano wa kujaribia. Dimbwi lina 40 WETH na 100,000 USDC, na hisa yangu ni 1%, yaani 0.4 WETH na 1,000 USDC. Bei inapanda kutoka 2,500 hadi 3,600. Programu inatumia kanuni ya kawaida, `2*sqrt(r)/(1+r) - 1`, ambapo r ni bei mpya kugawanywa kwa bei ya zamani, inapata hasara ya 1.64% na kuandika TOKA. Makadirio ya fedha nitakazoshika nimeyapata kwa kuzidisha WETH zangu kwa bei ya dimbwi.

Ninachoomba ni mtu aniambie kama uamuzi huo una mantiki, na kama kuzidisha kwa bei ya dimbwi kunatosha kukadiria nitakachopata.

Chikongola_Wa_Pili (Mtwara)

Kaka, kwenye swali la pili usijisumbue sana. Weka kikomo cha mtelezo wa bei cha 0.5% na mkataba wenyewe utakulinda, kwa kuwa oda yako ikisukuma bei kupita hapo muamala unakataliwa na unapoteza gesi tu, yaani ada ya mtandao. Mimi nimekuwa nikibadilisha kwa namna hiyo na sijawahi kupokea pungufu ya nilichoonyeshwa.

Bahari_Mikindani

Mdogo wangu Chikongola, hukupokea pungufu ya ulichoonyeshwa, na hilo ni kweli kabisa. Swali ni kwamba ulichoonyeshwa kilikuwa tayari kimepungua kiasi gani.

Tuchukue dimbwi hilo hilo la 40 WETH na 100,000 USDC, tuache habari ya kutoa ukwasi, tununue WETH kwa 2,000 USDC. Bei inayosomeka ni 2,500, kwa hiyo mtu angetarajia 0.8 WETH. Mkataba wa v2 unahesabu hivi:

```python
def pato(ndani, akiba_ndani, akiba_nje):
    n = ndani * 997
    return n * akiba_nje // (akiba_ndani * 1000 + n)
```

Ukiweka namba hizo kwa vipimo vidogo kabisa vya kila tokeni, kama mkataba unavyofanya, unapata takriban 0.782 WETH. Umepungukiwa 2.25% ukilinganisha na bei inayosomeka. Katika hizo, 0.3% ni ada ya dimbwi na zilizobaki, karibu 1.95%, ni athari ya oda yako mwenyewe kwenye bei. Sasa kikomo chako cha 0.5% kinapimwa kutoka kwenye 0.782, si kutoka kwenye 0.8. Kima cha chini kitakachopelekwa kwenye `amountOutMin` ni kama 0.778, muamala utapita bila kizuizi chochote, na utakuwa umeilipa athari yote ya bei huku ukiamini umelindwa. Kikomo cha mtelezo kinakukinga na mabadiliko yanayotokea kati ya kusoma na kutekelezwa. Dhidi ya udogo wa dimbwi hakikusaidii.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wengi hapo. Baada ya oda hiyo, bei itakayosomeka kwenye dimbwi ni karibu 2,601, yaani imepanda 4%, ilhali wewe umelipa wastani wa 2,557 hivi kwa kila WETH. Oda inatembea kwenye mkunjo kutoka bei ya mwanzo hadi bei ya mwisho, nawe unalipa mahali fulani katikati, kwa hiyo kwa oda ndogo athari unayolipa inakaribia nusu ya msogeo wa bei. Programu ikichukua msogeo wa bei na kuuita gharama, itakataa oda zinazofaa. Ikichukua bei ya mwanzo na kuiita gharama, kama anavyofanya Msimbati, itakubali zisizofaa. Iite hiyo `pato` kwa kiasi halisi unachotaka kubadilisha, basi.

UfutaLindi

Naomba kuuliza, maana mimi si mtu wa kompyuta. Je, hili ni kama mnadani, ambapo inatangazwa bei ya juu na bei ya chini, mtu akarudi nyumbani na ile ya juu kichwani wakati mnunuzi aliyeitoa alitaka tani chache tu na mzigo wake umeangukia kwa mwingine?

Swali langu lenyewe ni hili. Nanunua ufuta, na kati ya msimu na msimu fedha yangu nyingine huwa nimeiweka kwenye USDT. Nimeambiwa nikiiweka kwenye dimbwi pamoja na USDC napata ada bila hasara hiyo mnayoisema, kwa kuwa zote ni dola. Programu ya kijana huyu inaweza kunijulisha mapema kabla bei ya USDT haijashuka?

Rondo_Juu (Lindi)

Mama, kuhusu mnada umeelewa vizuri kuliko wengi wanaojiita wataalamu humu.

Kuhusu kujulishwa mapema, hapana. Programu hii haibashiri bei. Inakokotoa kitakachotokea kwa oda fulani ikiwa dimbwi lipo kama lilivyo sasa, na inapima kilichokwisha kutokea tangu uingie. Hakuna sehemu inayoiona kesho.

Na kuhusu dola mbili zinazofanana, ada utapata, na siku za kawaida hasara hiyo ni kama haipo. Hatari yake inakuja siku moja tu. Mwezi Machi 2023, baada ya Silicon Valley Bank kufungwa, USDC ilishuka chini ya senti 90 na ikarudi ndani ya siku chache. Mwezi Mei 2022 UST, sarafu nyingine iliyofungwa kwa dola, ilishuka na haikurudi. Walioweka ukwasi kwenye madimbwi ya UST na dola nyingine waliona upande wao mzuri ukinunuliwa wote na wengine, wakabaki wameshika UST. Dimbwi lolote la aina hii hukuuzia kinachoshuka. Madimbwi yaliyotengenezwa mahsusi kwa sarafu zinazofanana hukuuzia kwa wingi zaidi, kwa sababu mkunjo wake ni bapa karibu na bei ya dola moja kwa dola moja: unaweza kubaki na karibu mali yote ya upande mbaya kabla bei haijaonekana kusogea sana. Fedha ya mtaji wa ufuta, kwa maoni yangu, haina kazi humo.

UfutaLindi

Nashukuru, mwanangu. Basi ibaki ilipo.

Bahari_Mikindani

Turudi kwa Msimbati, kwa sababu swali lake la kwanza ni zito kuliko la pili.

Bei ikipanda kutoka 2,500 hadi 3,600, r ni 1.44 na mzizi wake ni 1.2. Tuache ada kwanza. Akiba ya WETH inagawanywa kwa 1.2 na ile ya USDC inazidishwa kwa 1.2, kwa hiyo dimbwi litakuwa na takriban 33.33 WETH na 120,000 USDC. Asilimia yako moja ni 0.3333 WETH na 1,200 USDC, yaani 2,400 kwa jumla. Kama ungekaa na mali yako pochini bila kuigusa, ungekuwa na 0.4 WETH na 1,000 USDC, ambazo ni 2,440. Tofauti ni dola 40, nayo ndiyo hiyo 1.64%. Hesabu yako iko sawa.

Sasa fuatana na programu yako inapoandika TOKA. Hatua ya kwanza ni kutoa ukwasi. Hatua hiyo haina athari ya bei hata kidogo, kwa kuwa unachukua pande zote mbili kwa uwiano uleule wa dimbwi. Unatoka na 0.3333 WETH na 1,200 USDC, na zile dola 40 hazijarudi. Hatua ya pili ni kuuza hizo 0.3333 WETH, na angalia vizuri ni wapi: unaziuza kwenye dimbwi ambalo umelipunguza wewe mwenyewe sekunde chache zilizopita. Limebaki na 33 WETH na 118,800 USDC. Ukiita `pato` unapata karibu 1,184.5 USDC badala ya 1,200, yaani umepoteza dola 15.5 zaidi, ambazo ni 1.29%.

Kwa hiyo programu imeona pengo la dola 40, ikalipa dola 15 na ushee pamoja na gesi, na pengo la 40 likabaki palepale, safari hii likiwa limefungwa moja kwa moja. Ungebaki ndani na bei ikarudi 2,500, pengo hilo lingeyeyuka. Sisemi bei itarudi. Ninachosema ni kwamba kuuza kwako WETH yote ni uamuzi kuhusu WETH, kwamba hutaki tena kuishika kwa bei ya 3,600, na uamuzi huo hauhusiani na hasara isiyo ya kudumu. Ukiwa na sababu ya kuiuza, iuze. Kanuni ya `2*sqrt(r)/(1+r)` haiwezi kukupa sababu hiyo.

Na ukiamua kuuza, hulazimiki kuuzia hapohapo. Dimbwi lenye akiba mara kumi ya hili, kwa bei ileile, lingekupa karibu 1,195.2. Tofauti ya zaidi ya dola 10 kwa oda ya dola 1,200 inatosha kuifanya programu isome madimbwi mawili au matatu kabla ya kuchagua.

Msimbati_Kodi

Mzee Bahari, shikamoo na ahsante. Hilo la dimbwi nililolipunguza mwenyewe halikuwa kwenye hesabu kabisa, maana nilikuwa ninakadiria oda kwa akiba zilizosomwa kabla ya kutoa. Naomba kuuliza jingine: nikiacha kuuza, nikatoa tu pande zote mbili, 1.5% inabaki kuwa kikomo cha maana?

Chikongola_Wa_Pili

Hapo umesahau ada, kaka. Chukua thamani ya hisa yako dimbwini, ongeza ada ulizopata, ndipo ulinganishe na ile 2,440. Mara nyingi ada zinafuta hasara yote.

Bahari_Mikindani

Marhaba, Msimbati. Chikongola ana haki kwamba ada haziwezi kuachwa, lakini akifanya kwa namna hiyo atazihesabu mara mbili. Katika v2 ada haziwekwi pembeni zikisubiri kuchukuliwa. Zinabaki ndani ya akiba zilezile ambazo `getReserves()` inakurudishia. Ukichukua tokeni zako za LP zinazoonyesha hisa yako dimbwini, ukazigawanya kwa jumla yake yote, `totalSupply`, na kuzidisha kwa akiba, thamani unayopata tayari ina ada ndani yake. Ukiongeza ada tena juu yake, programu itakuwa inakupongeza kwa fedha usizo nazo.

Msimbati naye ana kosa la upande wa pili. Kanuni yake inatumia bei peke yake, na bei haijui chochote kuhusu ada, kwa hiyo inakuza hasara. Kipimo kinachotenganisha mambo haya ni hiki, kisomwe siku ya kuingia na kila unapokagua:

```
g = sqrt(reserve0 * reserve1) / totalSupply
```

Mtu akibadilisha sarafu, namba hiyo inapanda kidogo kwa ajili ya ada. Mtu akiweka au akitoa ukwasi, haibadiliki, mradi itifaki haikati fungu lake la ada. Bei ikipanda na kushuka, haiguswi. Ukuaji wake tangu uingie ndio ada zako, bila kuchanganyika na kitu kingine. Tuseme katika mfano wako g imekua kwa 1.1%. Hisa yako haina thamani ya 2,400 bali 2,426.4, na pengo lako halisi dhidi ya kukaa na mali pochini ni dola 13.6, yaani karibu 0.56%. Programu ingetoka kwa kikomo cha 1.5% wakati pengo halijafika hata nusu yake.

Nachingwea_Nyumbani

Mimi kazi yangu ni seva, kwa hiyo nitasema ya upande wangu, na yana uzito sawa na hayo ya kanuni.

La kwanza, ndugu Msimbati, angalia mpangilio na desimali. USDC kwenye Ethereum ina desimali 6 na WETH ina 18, na katika dimbwi la jozi hiyo kwenye Uniswap v2 `reserve0` ni USDC, kwa sababu tokeni hupangwa kwa ukubwa wa anwani na si kwa jina unalolisoma kwenye skrini. Ukihamia mnyororo mwingine usibebe dhana hiyo: USDT iliyoko BNB Chain ina desimali 18, na PancakeSwap v2 inatoza 0.25%, kwa hiyo 997 na 1000 zinakuwa 9975 na 10000. Kosa la desimali ni kubwa kiasi cha kuonekana papo hapo. Kosa la ada ni dogo na litakaa kwenye kumbukumbu zako muda mrefu bila mtu kulishuku.

La pili ni umri wa taarifa. Seva ya RPC ya bure, ile inayoisomea programu yako mnyororo, ikizidiwa hairudishi kosa kila mara. Wakati mwingine inakurudishia hali ya bloku ya zamani kwa ukimya kabisa. Wengi hapa tunakumbuka Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na mtandao ukawa wa kusuasua nchi nzima. Siku kama hiyo programu iliyoko kwenye kompyuta ya nyumbani Mtwara inaweza kusoma akiba, ikakwama, kisha ikapeleka oda kwa namba zilizopitwa na wakati. Kila usomaji uombe pamoja na bloku yake, akiba zote, `totalSupply` na madimbwi mengine yasomwe kwa namba ileile ya bloku, na kama muda wa bloku hiyo umepishana na saa ya kompyuta kwa zaidi ya dakika moja, programu isifanye kitu. Ethereum inatoa bloku kila sekunde 12, hivyo dakika moja ni subira ya kutosha. Ukiweza, ikodishie seva badala ya kuiacha nyumbani, kwa sababu umeme nao tunaujua.

Msimbati_Kodi

Hili la bloku moja kwa kila usomaji nimelipokea. Kwa sasa ninasoma moja baada ya nyingine kwa `latest`, na kumbe kila moja inaweza kuwa ya bloku tofauti.

Naomba wakubwa mnisaidie pia hili: kuna mtu aliniambia bei ya dimbwi inaweza kuchezewa kwa mkopo wa papo hapo, kwa hiyo isitumike kabisa kufanya uamuzi. Ni kweli?

Bahari_Mikindani

Ni kweli kwa mkataba mahiri unaosoma bei katikati ya muamala wa mtu mwingine. Programu yako iko nje ya mnyororo, inasoma hali ilivyo baada ya bloku kukamilika, na mkopo wa papo hapo unakuwa umekwisha kulipwa ndani ya muamala uleule. Hatari yako iko baada ya kusoma: oda yako inapoonekana ikisubiri, mtu anaweza kununua mbele yako, akuache ununue kwa bei aliyoipandisha, kisha auze nyuma yako. Atachukua hadi mwisho wa nafasi uliyompa kwenye `amountOutMin`, na ukiweka sifuri umempa nafasi yote. Weka kima cha chini kinachotokana na `pato` ya bloku uliyosoma, kikiwa karibu nacho, weka na `deadline` fupi, na ikiwezekana tuma kwa njia isiyoonyesha oda hadharani, kama Flashbots Protect kwa wale wa Ethereum.

Hata hivyo linganisha bei ya dimbwi na bei ya nje kabla ya kukokotoa r, kwa sababu oda kubwa ya mtu inaweza kuacha dimbwi limepinda kwa bloku moja au mbili hadi wanaofaidika na tofauti ya bei walinyooshe. Wengi hutumia kipimo cha Chainlink cha ETH kwa dola. Lakini usishtuke kwa tofauti ndogo. Kipimo hicho kwenye Ethereum hujisasisha bei inaposogea kwa 0.5% au saa moja inapopita, na mwenye kutafuta tofauti ya bei hana sababu ya kuja dimbwini mpaka tofauti ipite ada ya 0.3%. Vyote viwili vikiwa vinafanya kazi vizuri bado vinaweza kupishana kwa karibu 0.8%. Programu inayosimama kila vinapopishana kwa 0.2% itasimama siku nzima. Mimi ningeanza kuwa na wasiwasi kwenye 1% au zaidi.

Rondo_Juu

Mzee, naomba nipingane kidogo kuhusu kikomo chenyewe. Msimbati anauliza 1.5% ni ya maana au la, na umemjibu kwa kurekebisha kipimo. Mimi nasema kikomo cha aina hiyo hakifai hata kipimo kikiwa sahihi, kwa sababu kinatazama nyuma tu. Pengo la 0.56% lililokwisha kutokea halisemi kama kukaa kesho kuna faida.

Kuna hesabu inayojulikana kwa madimbwi ya mkunjo huu: gharama ya kutoa ukwasi kwa siku, ukijilinganisha na mtu anayeshika uwiano uleule akirekebisha mali yake kwa bei ya soko la nje, ni mraba wa mtikisiko wa bei wa siku ukigawanywa kwa nane. Bei ikiwa inatikisika kwa 4% kwa siku, hiyo ni 0.02% kwa siku. Sasa chukua ile g ya mzee na uangalie inakua kiasi gani kwa siku. Ikikua 0.03%, dimbwi linakulipa zaidi ya linavyokutoza. Ikikua 0.01%, unafanya kazi ya wengine bure, hata kama bei imerudi pale ulipoingilia na kanuni yako inaonyesha hasara ya sifuri. Uamuzi wa kutoka utokane na ulinganisho huo.

Mimi mwenyewe niko Uniswap v3, ambako ukwasi unauweka kwenye masafa ya bei unayoyachagua, na huko mambo ni makali zaidi. Kwa masafa finyu ya bei hasara inakuzwa, na bei ikitoka nje ya masafa unabaki na upande mmoja tu na ada zinakoma. Kadirio la oda huko nalo usilifanye kwa `pato` ya mzee, kwa kuwa akiba hazikai kwenye mkunjo mmoja. Uliza mkataba wa Quoter.

Bahari_Mikindani

Hesabu yako ya moja ya nane naifahamu na siipingi, Rondo. Ninachopinga ni kumpa Msimbati kama jibu la swali lake. Inamlinganisha na mtu anayerekebisha mali yake kila saa kwa bei ya soko la nje, naye hafanyi hivyo. Yeye asipokuwa dimbwini atakuwa amekaa na 0.4 WETH pochini, na kwake pengo dhidi ya kukaa ndiyo fedha anayoiona. Tena mtikisiko wa 4% ni wa lini? Ukipima kwa siku saba unapata namba moja, ukipima kwa siku thelathini unapata nyingine, na uamuzi unaweza kugeuka kwa sababu hiyo tu.

Rondo_Juu

Hilo la dirisha la kupimia nakubali. La kwanza sikubali, lakini tusimchoshe mwenye uzi.

Msimbati_Kodi

Hamjanichosha hata kidogo. Nimeandika upya sehemu ya uamuzi na nimeirudisha kwenye kuandika kumbukumbu tu. Sasa programu inasoma kila kitu kwa bloku moja, inakagua umri wa bloku, inalinganisha bei na Chainlink, kisha inaandika mambo matatu bila kuyachanganya: ukuaji wa g kwa siku na kwa wiki, pengo la hisa yangu dhidi ya kukaa na mali pochini, na gharama ya kutoka. Gharama hiyo sasa inahesabiwa kwa akiba za baada ya kutoa ukwasi wangu, na kwa dimbwi bora kati ya matatu. Kuuza WETH nimekutenga kabisa na kutoa ukwasi. Ni amri mbili, na ya kuuza itanisubiri mimi.

Mtikisiko nimeuweka kwa siku saba na kwa siku thelathini, zote zinaandikwa, ili nione zinavyopishana kabla sijaamua kati ya mzee na Rondo.

Nachingwea_Nyumbani

Gesi umeiweka wapi katika gharama hiyo? Kutoa ukwasi na kubadilisha kwa pamoja tuseme ni gesi 300,000. Kwa gwei 20 hiyo ni 0.006 ETH, na kwa bei yako ya 3,600 ni zaidi ya dola 21, yaani kubwa kuliko athari ya bei yote aliyoikokotoa mzee. Kwa gwei 2 ni kama dola 2. Programu ileile, dimbwi lilelile, na jibu linageuka.

Msimbati_Kodi

Ipo, ila nimeiweka kama namba isiyobadilika. Nitaifanya isomwe kwa bloku ileile pamoja na mengine. Sijui tu niitumie gesi ya bloku hiyo au wastani wa saa chache, kwa sababu siku bei inapochafuka ndipo gesi nayo inapanda, na ndizo siku ambazo programu itataka kutoka.